Kabla ya kufundisha kifo cha Mkwawa, ivunje kwanza sentensi ya kitabu

Chukua sentensi ya namna hii kuhusu Mkwawa, mtemi wa Wahehe: “Mkwawa aliuawa na Wajerumani vitani Kalenga mwaka 1894, na fuvu lake likarudishwa kwa Mkataba wa Versailles wa 1919.” Miaka yote miwili ni ya kweli, na ndiyo maana kosa linapita bila kuonekana. Mwandishi amefupisha, na katika kufupisha akabana matukio mawili yakawa moja.

Andika kila dai kwenye mstari wake: alikufa lini, wapi, kwa mkono wa nani, fuvu lilirudi lini. Kisha kagua mstari mmoja mmoja.

Oktoba 1894 ni anguko la ngome ya Kalenga. Mkwawa alitoroka, akaendelea kupigana porini karibu miaka minne, akafa tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi. Ukifundisha 1894, unawafutia wanafunzi miaka hiyo yote ya mapambano. Kuhusu mkono wa nani, taarifa ya Wajerumani wenyewe inasema walipomfikia alikuwa tayari amejipiga risasi. Ushahidi huu una uzito wa pekee, kwa sababu waliokuwa wakimsaka wangefaidika zaidi kwa kudai wamemuua wao.

Fuvu, lililopelekwa Ujerumani, ndilo linalowakwaza wengi. Hapa usitafute kitabu kingine cha shule. Soma mkataba wenyewe, kifungu cha 246. Kinaiagiza Ujerumani kulikabidhi fuvu kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920, kwa hiyo muda uliisha Julai mwaka huo, na fuvu halikuja. Lilirudi Juni 1954, likakabidhiwa Kalenga na Gavana Edward Twining. Mwandishi alisoma agizo akadhani limetekelezwa. Kila unapoona mkataba, amri au ahadi, tafuta tarehe ya pili, ile ya utekelezaji.

Vitabu vitatu vinavyokubaliana si lazima viwe mashahidi watatu. Vikitumia maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, vimenakiliana, hivyo vihesabu kuwa kimoja. Ushahidi wa pili uwe wa aina nyingine: waraka wa wakati ule, maelezo ya Makumbusho ya Kalenga, au simulizi ya wazee wa Kihehe. Kwa simulizi, muulize mzee aliipata kwa nani, na uandike jibu lake pamoja na habari yenyewe.

Yapo yasiyofungika. Fuvu la 1954 lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na tundu la risasi, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba ni lake. Ubaoni andika “fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa”, na pembeni ya ukurasa wa kitabu weka sahihisho kwa penseli pamoja na chanzo chake, ili mwalimu atakayekipokea kitabu hicho aweze kulikagua upya.