Karakana ya nyumba za Lamu: msikate vijiti mapema

Wiki hii tena nimewakuta wasaidizi wapya wamepanga mezani vijiti vya boriti za dari, vya zile nyumba ndogo za udongo ambazo watoto hujenga, vyote sentimita 14, vizuri kama kalamu za dukani. Jamani! Haya, someni kabla ya kundi lijalo.

1. Watoto waanze mlangoni. Unene wa ukuta wa matumbawe huonekana pale tu ulipokatwa, kwa hiyo waupime kwa kamba pembeni mwa mlango, halafu ndipo wachore. Anayeanza kuchora akiwa amesimama barabarani hurudi na nyumba yenye kuta za karatasi.

2. Sasa hivyo vijiti. Tuseme ukuta umetoka sentimita 50 na upana wa chumba mita 2.8. Kwa nyumba ndogo tunagawanya kwa 20: ukuta sentimita 2.5, chumba 14. Msaidizi akiona 14, anakata 14. Boriti ya mkoko haikai hewani, ndugu zangu. Huingia ukutani pande zote mbili. Mpe sentimita 1.5 kila upande, jumla 17. Mkikata 14, vijiti vinadumbukia chumbani, watoto wanavishika kwa gundi, na somo zima limekufa, kwa sababu dari sasa inabebwa na gundi. Na sisi wakongwe tusijitie wema: kosa hili tumelifanya wote, tena tukawalaumu watoto kuwa hawajui kupima. Dawa yake ni kuwapa vijiti virefu na msumeno mdogo, wapime wenyewe baada ya kuta kusimama. Kwa chumba chenye urefu wa sentimita 30, vijiti 15 vya nusu sentimita vinatosha, kila kimoja kikiachana na mwenzake sentimita moja na nusu.

3. Udongo vikombe viwili, mchanga kimoja. Bila mchanga husinyaa ukikauka na kupasuka pembeni. Pandisheni ukuta sentimita tano, muache ushike kwanza. Mkipandisha zote 15 kwa mkupuo, ukuta hutoa tumbo.

4. Lazima yupo atakayeuliza kwa nini chumba ni chembamba hivi. Msimhutubie. Chukueni chelewa mbili za unene mmoja, moja ilazwe juu ya nafasi ya sentimita 10, nyingine 20, kisha mning'inize kijiwe kilekile katikati ya kila moja. Ile ndefu inainama karibu mara nane. Hapo ataelewa kuwa mti wa mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, na atataka kujaribu 30. Mwacheni, hata ikivunjika. Chelewa zimejaa kwenye ufagio.

5. Chokaa mbichi isiletwe kabisa, inaunguza ngozi na macho. Leteni kipande cha lipu ya zamani iliyoanguka yenyewe na tumbawe kavu, wadondoshee maji waone yanavyonywewa.

Na misumeno ihesabiwe kabla hawajaenda kunawa, si baadaye.