"Rudisha bure" ilivyonila nauli

"Wakuu, nauza viatu mtandaoni, niko Dodoma. Wateja wananiuliza yale yale ya kuletewa mzigo na kurudisha. Nataka kurekodi video fupi nne za majibu, ya kwanza iseme 'Delivari bure Dodoma, kisipokutosha rudisha bure'. Nitumie simu gani, na niziweke wapi?"

Dada, hiyo ya kwanza usiirekodi kabisa.

Nami nauza viatu, na niliyasema maneno hayo hayo huku nikitabasamu. Kijana niliyemlipa anirekodi alinikatisha kila nikigusa masharti: "Masharti yanaboa, yanafukuza watu." Akachukua hela yake akaenda zake, nauli nikabaki nazo mimi.

Kilichoanza kuniumiza ni hilo neno "Dodoma". Kichwani nilikuwa na Majengo, Area C na Kisasa. Mteja yuko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na huko nako ni Dodoma, ila bodaboda hakubali kwenda kwa bei ya Area C. Kisha akaja wa Kondoa: "Si mkoa ni huo huo?" Nikatuma kwa basi, nauli juu yangu. Akavirudisha kwa basi, na stendi ya Nanenane nikaambiwa mzigo unalipiwa na mpokeaji. Kufungua, soli zina vumbi jekundu. Vilikwenda harusini hivyo, na naamini vilicheza vizuri kuliko mimi. Ningemkatalia kwa lipi, wakati video anayo? Niliifuta, lakini iliyokwishatumwa kwenye magrupu haifutiki kwa wewe kufuta ya kwako.

Sasa shika hili: mdomo useme masharti, bei ikae kwenye maandishi unayotuma pamoja na video. Nauli ya boda au basi ikipanda unabadilisha mstari mmoja, hurekodi upya. Ya kurudisha mimi sasa nasema hivi:

"Kiatu kisipokutosha, tuambie siku uliyokipokea au kesho yake. Kiwe hakijavaliwa nje, na boksi lake lipo. Tukikosea sisi, nauli ya kurudisha ni yetu. Ukikosea saizi wewe, nauli ni yako."

Haifiki nusu dakika. Angalia ilivyobeba mambo: siku zinahesabiwa tangu kupokea, maana mzigo unaweza kulala stendi, hali ya kiatu, na nani analipa. Kwenye ya delivari taja mitaa kwa majina, usiseme "mjini". Mwezi na mwaka viandike juu ya picha yenyewe, ili anayekuletea video ya zamani aone tarehe mwenyewe.

Kabla ya kurekodi, msomee bodaboda wako. Akiuliza "na mtu akiwa Ihumwa je?", ujue kuna sentensi umeisahau. Na wateja waliokwisha kuitazama wakiendelea kuuliza jambo lile lile, rekodi upya hiyo moja tu.

Simu? Yoyote, kaa karibu na dirisha. Pa kuziweka wengine watakujibu, mimi nakwenda stendi, kuna jozi nyingine imerudi. Safari hii nauli kalipa yeye.