Maswali na majibu: Kishale kinatambaa chenyewe

Fundi, nacheza kwenye kompyuta kwa pedi ya PS4, nalenga kwa jairo, kile kihisi cha mzunguko kilicho ndani ya pedi. Nikiilaza pedi mezani, kamera inageuka kulia polepole bila kuguswa. Analogi, kile kijiti cha kidole gumba, imekufa?

Usiifungue bado. Iache ilivyolala, ingia kwenye mipangilio, zima jairo peke yake. Kamera ikiendelea kugeuka, ni analogi iliyochakaa, na kusawazisha jairo hakutakusaidia kitu. Ikisimama, analogi haina kosa.

Tuseme imesimama. Jairo haijui pedi imeelekea wapi. Inachopima ni kasi ya kuzunguka, yaani nyuzi ngapi kwa sekunde, na hata ikilala kimya haitoi sifuri kamili. Daima kuna masalio kidogo. Kusawazisha ni kuyapima hayo masalio pedi ikiwa imetulia, ili programu iyatoe kila mara.

Unaweza kuyapima mwenyewe kwa saa ya simu. Pedi ya mpwa wangu ilikuwa ikigeuza kamera robo duara, nyuzi 90, kwa sekunde 60. Hiyo ni nyuzi 1.5 kwa sekunde kwenye kioo. Lakini alikuwa ameweka ukali wa jairo kwenye 3, maana yake mkono ukizunguka nyuzi 1, kamera inakwenda 3. Kwa hiyo kihisi chenyewe kilikosea nusu nyuzi tu kwa sekunde. Mkononi hungeihisi, ila mchezoni ndiyo iliyokuwa inampotezea shabaha.

Kwenye Steam, fungua Settings, kisha Controller, utafute sehemu ya kusawazisha jairo ya pedi hiyo. Mwenye Nintendo Switch aingie System Settings, kwenye sehemu ya pedi, achague Calibrate Motion Controls. Weka pedi juu ya meza ngumu, mikono mbali, usubiri hadi imalize.

Nimesawazisha mara tatu. Inakaa sawa kama nusu saa, halafu kishale kinaanza tena. Nibadilishe pedi?

Ulisawazisha pedi ikiwa baridi, sivyo? Masalio ya jairo hubadilika na joto. Betri ikichaji, mikono ikiikumbatia, chumba chenyewe kikipata joto la mchana, sifuri uliyoipima asubuhi haipo tena. Cheza kwanza dakika 15 au 20, ndipo uilaze na kuisawazisha.

Angalia na meza. Spika ikiunguruma hapo juu, au feni ya kompyuta ikiitikisa, programu itapima mtikisiko huo kana kwamba ni utulivu. Ikiwa pedi imeshapata joto, meza imetulia, na bado inakimbia upande mmoja leo na mwingine kesho, hapo ndipo nami nitaanza kukishuku kihisi chenyewe.

Mimi natumia JoyShockMapper, programu ya kompyuta inayogeuza mwendo wa pedi kuwa mwendo wa kipanya. Nikimfuata adui anayetembea taratibu, nikisimama kishale kinarudi nyuma chenyewe! Pedi ikiwa mezani haina shida.

Swali hili nimelipenda. Bila shaka umewasha kusawazisha kwa kujiendesha. Programu inasubiri pedi itulie, kisha inachukua kipimo cha wakati huo kuwa sifuri. Sasa wewe una mkono mzuri: unazungusha polepole kwa kasi isiyobadilika, nayo inadhani umetulia. Inaufanya mwendo wako kuwa sifuri. Ukisimama kweli, hesabu inatoa kasi ambayo haipo, na kishale kinakwenda kinyume.

Zima hiyo, upime kwa amri:

```
AUTO_CALIBRATE_GYRO = OFF
RESTART_GYRO_CALIBRATION
```

Pedi ikiwa mezani, hesabu sekunde chache bila kuigusa, kisha:

```
FINISH_GYRO_CALIBRATION
```

Ukisahau amri ya mwisho, itaendelea kupima hata ukishaichukua mkononi, na utaharibu zaidi ya mwanzo.

Rafiki yangu anasema niongeze tu kizingiti, mwendo mdogo usihesabiwe. Si ndiyo rahisi?

Ni rahisi, na kishale kitasimama. Ila jairo inapendwa kwa ile miguso midogo ya mwisho juu ya shabaha, na hiyo ndiyo kizingiti kinaimeza. Halafu masalio hayajaondoka: ukizungusha kwa kasi inayovuka kizingiti, upande mmoja utakwenda haraka kidogo kuliko mwingine. Sawazisha kwanza. Kizingiti kiwe kidogo, cha kuzuia mtetemo wa mkono tu.

Kwenye michezo ya kuelekeza pedi kama tochi, juu na chini kuko sawa siku zote, lakini kushoto na kulia kunapotea kila mara. Mbona upande mmoja tu?

Kwa sababu ya mvuto wa dunia. Ndani ya pedi kuna kihisi kingine kinachouhisi mvuto, kwa hiyo programu inajua chini ni wapi na inarekebisha juu na chini kimyakimya. Ukigeuka kushoto au kulia, chini inabaki palepale, na hakuna cha kuikosoa jairo. Ndiyo maana michezo mingi ya namna hiyo ina kitufe cha kurudisha kishale katikati. Kitafute, ukizoee kidole, na usishangae ukikihitaji hata baada ya kusawazisha vizuri.