Mwandikie mwalimu yale ambayo haoni: barua yangu ya mafuriko

Shule zilipofunguliwa Jumatatu, 13 Mei 2024, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya mvua, binti yangu wa Gredi ya 5 hakwenda. Njia yetu huku uwanda wa Kano, Kisumu, hupita juu ya kalvati moja, na kalvati hiyo ilikuwa chini ya maji tangu Jumapili. Sisi wenyewe tulikuwa tumehamia kanisani, penye mwinuko.

Ujumbe wangu wa kwanza kwa mwalimu wa darasa niliuandika kwa moyo mzito. Nilimwomba msamaha, nikamwambia hali ni mbaya, tumwachie Mungu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mama, shule imefunguliwa na wenzake wamefika. Mlete."

Niliumia. Kisha nikakaa nikafikiria anachokiona yeye. Anaishi upande wa lami. Siku ile jua liliwaka tangu asubuhi. Lakini Mto Nyando hauhitaji mvua ya kwetu ili ufurike. Mvua ikinyesha juu Nandi na Kericho, maji hutufikia huku mbingu ikiwa nyeupe. Na udongo wetu mweusi haunywi maji haraka, hivyo lami hukauka siku nyingi kabla ya vijia vyetu. Mtu wa lami hawezi kujua hayo usipomwambia. Mimi nilikuwa nimemwandikia uchungu wangu, sikumwandikia maji.

Kesho yake alfajiri nilishuka hadi mwanzo wa kalvati nikiwa na fimbo ndefu. Sikuingia katikati. Maji yanayokwenda kwa kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ukingo wa kalvati hauonekani maji yakiwa ya matope. Kibaya zaidi, maji hula udongo kwa chini, barabara ikabaki ganda tu. Nilichomeka fimbo pale pale ukingoni, nikaitoa, nikaipima kwenye mwili wangu: ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Nikafunga uzi mwekundu palipolowa.

Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Niliandika mara tatu, kila ujumbe na jambo lake, ili hata mmoja ukichelewa mwingine ueleweke:

"Habari Mwalimu. Ni mama ya yule wa Gredi ya 5 anayetoka ng'ambo ya kalvati. Njia imefunikwa tangu Jumapili. Leo asubuhi maji ukingoni ni kiunoni kwangu."

"Tunalala kanisani, mtoto ni mzima. Vitabu vya Hisabati na Kiswahili vimepona, cha Sayansi kimelowa. Napima maji kila asubuhi, nitakuambia yakiacha kupita juu."

"Naomba jambo moja tu: kama kuna kazi ya tathmini wiki hii, nieleze aifanye huku ili alama zake zisipotee."

Ombi hilo la mwisho sikuliandika hivi hivi. Tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 huchangia asilimia 20 kila mwaka katika matokeo ya KPSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 6, na mtihani wenyewe huchukua 40 zilizobaki. Kwa hiyo mtoto wa Gredi ya 5 akikosa kazi hiyo, pengo linamfuata mwaka unaofuata. Ukiuliza kuhusu jambo mahususi, mwalimu ana cha kukujibu. Ukimwomba "umsaidie mtoto", hata mwenye huruma hajui aanzie wapi.

Alinipigia jioni ile ile. "Pole sana, mama. Sikujua mko ng'ambo." Akanisomea kurasa za Hisabati, akasema ataandika sababu kwenye rejista, na kazi ya tathmini ataipanga upya mtoto akirudi. Kisha akauliza kama kuna watoto wengine kanisani. Walikuwa wanne wa shule hiyo hiyo. Nikamtumia majina na madarasa yao, baada ya kuwauliza mama zao.

Nakushauri uendelee kuandika hata siku ambayo hakuna jipya. Nilituma mstari mmoja kila asubuhi: "Leo maji yameshuka vidole viwili chini ya uzi." Siku ya nne yalipanda tena, nikaandika hivyo hivyo, na mwalimu hakushangaa.

Maji yalipoacha kupita juu, sikumruhusu binti yangu siku hiyo. Nilivuka kwanza mimi na jirani, tukigonga barabara kwa fimbo hatua kwa hatua. Upande wa kushoto paligonga kama ngoma, patupu kwa ndani. Tukapaweka matawi ya miti. Asubuhi iliyofuata nilimshika mkono tukapita kulia, viatu vyake nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki, na ng'ambo mwalimu alikuwa amesimama akitungoja.