Riba ya mwaka mmoja ndani ya mkopo wa miaka mitatu: nilivyoacha kugawanya kwa tatu

Dada yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na mimi ndiye ninayemwandalia hesabu za mwisho wa mwaka. Agosti 2023 alichukua mkopo wa shilingi 12,000,000, riba asilimia 18 kwa mwaka, marejesho 36 ya kila mwezi, rejesho la kwanza mwisho wa Septemba. Kila rejesho ni 433,829. Hesabu za 2024 zilipofika aliniuliza swali moja tu: "Kaka, katika hizo hela nilizolipa mwaka huu, riba ni ngapi?"

Swali lina uzito kwa sababu riba ni gharama ya biashara, inapunguza faida inayotozwa kodi. Ile sehemu ya rejesho inayopunguza deni lenyewe si gharama. Nikachukua riba yote ya mkopo, 3,617,835, nikaigawa kwa miaka mitatu, nikaandika 1,205,945. Nilikosea kwa karibu nusu milioni. Riba halisi ya 2024 ilikuwa 1,692,583.

Kosa liko kwenye kugawa sawasawa. Rejesho halibadiliki, lakini kilichomo ndani yake hubadilika kila mwezi. Mwezi wa kwanza deni ni milioni 12 kamili, na asilimia 1.5 yake, yaani 18 gawa kwa miezi 12, ni 180,000. Kwa hiyo katika ile 433,829, riba imechukua 180,000 na deni limepungua kwa 253,829 tu. Mwezi unaofuata riba inapigwa kwenye salio dogo zaidi, inashuka kidogo, na deni linapungua kidogo zaidi. Miaka ya mwanzo ndiyo inayobeba riba nyingi, na mwishoni inabaki kidogo sana.

Unaweza kutengeneza jedwali la mistari 36 ukajumlisha mistari unayoitaka. Lakini Excel na Google Sheets zina fomula mbili zinazotoa jibu kwenye seli moja: CUMIPMT hujumlisha riba ya kipindi unachokitaja, na CUMPRINC hujumlisha kiasi cha deni kilicholipwa katika kipindi hichohicho.

```
=CUMIPMT(18%/12, 36, 12000000, 5, 16, 0)
=CUMPRINC(18%/12, 36, 12000000, 5, 16, 0)
```

Zisome kutoka kushoto: riba ya mwezi mmoja, idadi ya marejesho yote, kiasi kilichokopwa, rejesho la kuanzia, rejesho la kuishia, na sifuri inayosema kwamba malipo hufanyika mwisho wa mwezi. Kama mnalipa mwanzoni mwa mwezi, andika 1.

Hiyo 5 na 16 ndiyo sehemu ya kutulia. Fomula haijui tarehe, inajua namba za marejesho tu. Septemba 2023 ni rejesho la 1, Desemba ni la 4, kwa hiyo Januari 2024 ni la 5 na Desemba 2024 ni la 16. Ukiandika 1 na 12 kwa sababu mwaka una miezi kumi na miwili, utapata 1,895,711, ambayo ni riba ya Septemba 2023 hadi Agosti 2024. Namba itaonekana ya kuaminika kabisa, na hakuna onyo litakalotokea. Mimi huhesabu miezi kwa vidole na kuandika pembeni mwa jedwali: rejesho la 5 ni Januari.

Majibu yatatoka na alama ya kutoa, -1,692,583 na -3,513,362, kwa kuwa ni hela zinazotoka mfukoni. Ukitaka namba chanya, weka alama ya kutoa mbele ya fomula. Usiiweke kwenye kiasi cha mkopo. Wengi tumezoea kufanya hivyo kwenye PMT, fomula inayotoa kiasi cha rejesho, ila hapa mkopo ukiwa hasi unapata #NUM! papo hapo. Na ile sifuri ya mwisho, ambayo PMT inakuruhusu kuiacha, hapa ni lazima. Ukiisahau, Excel inakataa fomula na kukuambia kuna kitu hakijakamilika.

Uhakiki wangu ni mwepesi. Jumlisha majibu mawili: 1,692,583 na 3,513,362 ni 5,205,945. Sasa zidisha rejesho kwa 12. Zikilingana, ukiacha shilingi chache za kukadiria, riba na deni vimetoka kwenye mkopo mmoja. Uhakiki huu haukamati kosa la namba za miezi, kwa hiyo nina wa pili: napiga fomula kwa kila mwaka wa mkopo. Kwa dada yangu 2023 ni 696,926, 2024 ni 1,692,583, 2025 ni 1,005,305 na 2026 ni 223,020. Jumla inarudi 3,617,835, ukiacha shilingi moja ya kukadiria: hakuna mwezi uliorukwa wala uliohesabiwa mara mbili.

Kabla ya yote hayo, lakini, hakikisha mkopo wako ni wa aina inayofaa. Fomula hizi zinahesabu riba kwenye salio linalopungua. Wakopeshaji wengi wa kwetu wanatoza riba isiyopungua: wanachukua milioni 12, wanapiga asilimia 18 mara miaka mitatu, wanapata 6,480,000, wanajumlisha na kugawa kwa 36. Rejesho linakuwa 513,333. Maneno "asilimia 18" ni yaleyale kwenye karatasi zote mbili. Njia ya kujua ni kupiga `=PMT(18%/12, 36, -12000000)` na kulinganisha na rejesho lililoandikwa kwenye mkataba. Zikipishana kwa maelfu mengi, simama, usitumie CUMIPMT, muulize mkopeshaji anahesabuje.

Fomula na taarifa ya benki zikipishana kidogo kwenye riba ya mwezi mmoja mmoja, sababu huwa ni siku. Fomula inaona miezi yote ni sawa, lakini benki nyingi zinahesabu riba kwa siku. Januari 2024 fomula inatoa riba ya 164,424. Kwa siku 31 juu ya 365 inakuwa takribani 167,578. Kwa kupanga bajeti tofauti hiyo haina shida. Kwa hesabu za kodi, mimi hutumia taarifa ya mkopo kutoka benki, na fomula inanisaidia kuona kama taarifa hiyo ina kasoro kubwa.

Mwishoni mwa 2024 dada alitaka kujua kama amalize deni lote. CUMPRINC ya rejesho la 17 hadi 36 inatoa 7,448,249, na hilo ndilo salio baada ya rejesho la 16. CUMIPMT ya 17 hadi 36 inatoa 1,228,326, riba ambayo angeikwepa, kabla ya kutoa ada ya kufunga mkopo mapema iliyoko kwenye mkataba. Aliamua kulipa milioni mbili za ziada na kuendelea na miezi 20 iliyobaki kwa rejesho dogo. Kuanzia hapo ile fomula ya mwanzo imekufa. Mkopo sasa ni 5,448,249, marejesho ni 20, na Januari 2025 imegeuka kuwa rejesho la 1:

```
=CUMIPMT(18%/12, 20, 5448249, 1, 12, 0)
```