Konvertisa ya wati 1500 na aibu ya Likasi

Juzi kijana mmoja wa Katuba aliniandikia: "Yaya, nimepata konvertisa ya wati 2000 kwa bei nzuri. Nataka kufanya kazi na laptopu ndani ya gari umeme ukikatika. Niichukue?" Konvertisa ni kile kifaa kinachogeuza umeme wa batri ya gari uwe kama wa nyumbani. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, moyo ukaniuma. Swali hilo nilijiuliza miaka mitatu iliyopita, nikajipa jibu baya, na jibu hilo likanipotezea mteja.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kupiga video ya harusi Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa Lubumbashi. Familia ilitaka filamu fupi ya asubuhi ioneshwe kwenye sherehe ya jioni. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Mimi sikuwa na wasiwasi, maana wiki hiyo hiyo nilikuwa nimenunua konvertisa ya wati 1500. Niliegesha Toyota yangu karibu na lango, nikafunga zile koleo mbili kwenye batri, nyekundu na nyeusi, nikakaa kiti cha nyuma nikahariri video kwenye laptopu kwa saa tatu bila kuwasha injini. Konvertisa haikulia hata mara moja, nami nilijua kwamba batri ikichoka italia.

Saa kumi na mbili na nusu jioni wakaniambia nisogeze gari, magari ya maharusi yapite. Nikazungusha ufunguo. Tak-tak-tak-tak. Taa za dashibodi zikafifia, zikazima kabisa. Gari ni otomatiki, kwa hiyo hata kulisukuma ili liwake haiwezekani. Vijana waliovaa suti walilisukuma tu litoke njiani, bibi harusi akiwa amekaa kwenye gari lake anangoja. Filamu ilioneshwa, ilikuwa nzuri, lakini baba mwenye harusi alinilipa bila kunitazama usoni, na harusi ya binti yake wa pili akampa mpiga picha mwingine. Bado inaniuma.

Nilipotulia ndipo nikafanya hesabu. Chukua wati za kifaa chako, gawa kwa 10, unapata ampea zinazotoka kwenye batri ya volti 12. Tungegawa kwa 12, lakini konvertisa nayo inapoteza sehemu ya umeme njiani, ndiyo maana 10 ni salama zaidi. Laptopu yangu ilikuwa inakula wati 60, yaani ampea 6. Konvertisa kubwa, hata isipofanya kazi yoyote, inajilia yenyewe karibu ampea 1. Jumla ampea 7, mara saa 3, ni ampea-saa 21. Batri ya gari dogo kama langu ina ampea-saa 35 ikiwa mpya. Yangu ilikuwa na miaka miwili. Nilikuwa nimekwisha kunywa zaidi ya nusu, na stata ya gari inataka ampea zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja. Ingezipata wapi?

Na ile kengele? Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Konvertisa nyingi hulia batri ikishuka karibu volti 10.5, na kujizima karibu na 10. Batri ya gari iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikifika 11.8 imekwisha. Sasa angalia 10.5 iko wapi. Ukingoja kengele, umechelewa zamani. Na batri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa kunywewa mpaka chini. Ukiifanyia hivyo mara kadhaa inakufa moja kwa moja.

Ndiyo maana nakwambia, mdogo wangu, swali la kwanza si ukubwa wa konvertisa. Geuza chaja ya laptopu yako usome maandishi madogo. Kuna mstari wa umeme unaotoka, wenye volti 19 au 20. Zidisha volti kwa ampea za mstari huo. Yangu ni 19.5 mara 3.34, yaani wati 65. Hicho ndicho kiwango chake cha juu kabisa. Tundu la kiberiti cha sigara mara nyingi lina fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hiyo hata ukiwa na konvertisa ya wati 2000, pale hupitishi zaidi ya 120 mpaka 180 bila kuunguza fyuzi. Konvertisa ya wati 150 inatosha laptopu hiyo na nafasi inabaki, na ikiwa haina kazi inakula kidogo sana.

Kisha jiwekee mpaka: tumia robo ya batri tu. Robo ya 35 ni karibu 9. Kwa ampea 6.5 unapata kama saa moja na dakika ishirini. Mimi nimechomeka kipima volti kidogo kwenye tundu la pili; kikishuka 12.1 laptopu ikiwa inachaji, nachomoa. Sibishani nacho. Halafu usidhani kuwasha injini dakika kumi ukiwa umesimama kunarudisha ulichokula. Injini ikizunguka polepole alternata inatoa umeme kidogo, na batri inajaa taratibu. Chaji laptopu ukiwa njiani. Siku hizi nikienda Likasi naichomeka tangu natoka nyumbani, nafika imejaa, nafanya kazi kwa batri yake yenyewe. Na ukilazimika kuwasha injini umesimama, iwe nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Ule moshi unaua bila harufu ya kukushtua.

Dirili ni habari nyingine. Laptopu inakula kidogo kwa muda mrefu. Dirili inakula kwa pupa lakini kwa sekunde. Dirili yangu ya kufungia skrini ukutani ni wati 500, yaani ampea 50, na pale inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta mara mbili au tatu ya hapo. Hapa ndipo ile konvertisa yangu ya 1500 imepata kazi yake. Tazama tu namba ya wati za kudumu, maana wengine huandika kwa herufi kubwa namba ya kilele ambayo kifaa kinaibeba kwa nukta tu. Kutoboa ukuta siku nzima hakuzidi dakika tano za kuzunguka, kama ampea-saa 4, na injini naiacha ikiwaka.

Kilichonisumbua ni waya. Mwanzo nilitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 2 kila upande. Kila nikibonyeza dirili, konvertisa inalia na kuzima, nikailaumu batri. Nikaweka kipimo pande zote mbili dirili ikizunguka: kwenye batri volti 12.5, kwenye konvertisa 11.1. Volti 1.4 zilikuwa zinapotelea kwenye waya, na pale dirili inapoanza zinapotea mara mbili au tatu ya hapo, na waya wenyewe ulikuwa moto mkononi. Nikafunga waya wa milimita 16 za mraba, fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na batri, upotevu ukashuka mpaka karibu volti 0.2. Haijalia tena.

Kwa hiyo ile ya 2000 iache hapo dukani kwanza. Nipigie picha maandishi ya chaja yako na ya batri ya gari lako, unitumie leo kabla hujalipa.