Siasa linganishi: jedwali lisome kwa kulala, si kwa kushuka

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, mtihani wangu wa kwanza wa siasa linganishi niliupigia msuli wiki nzima na nikaambulia sapu. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: linganisha mfumo wa urais na wa kibunge kwa mifano. Nikaandika kurasa mbili za Uingereza, mbili za Kenya, nikafunga. Karatasi iliporudi, pembeni kulikuwa na swali moja la kalamu nyekundu: ulinganisho uko wapi? Kila nilichoandika kilikuwa kweli, ila zilikuwa insha mbili zilizogandishwa pamoja.

Kosa lilianzia kwenye noti. Nilikuwa nasoma nchi moja moja, kwa hiyo nikaandika nchi moja moja. Sasa chukua karatasi, igeuze ilale. Juu andika nchi 4: Uingereza, Afrika Kusini, Kenya, Tanzania. Kushoto usiandike vichwa kama "historia" au "uchaguzi", andika maswali. Matatu yanatosha kuanzia: mkuu wa serikali anapatikanaje? Mawaziri wanatoka wapi? Nani anaweza kumwondoa mkuu wa serikali, kwa kura ngapi? Kila kisanduku kipe maneno yasiyozidi kumi. Ukizidisha, unarudia kunakili desa.

Tuchukue mstari wa mawaziri. Uingereza wanatoka bungeni. Kenya, tangu katiba ya 2010, waziri hawezi kuwa mbunge. Tanzania lazima awe mbunge, ingawa Rais anaweza kuteua wabunge hadi 10 na kumpata waziri humo humo. Afrika Kusini karibu wote ni wabunge, ila wawili wanaweza kutoka nje. Sasa panda mstari wa kwanza. Rais wa Tanzania na wa Kenya wanapigiwa kura na wananchi. Rais wa Afrika Kusini anachaguliwa na Bunge, halafu anaacha ubunge.

Umeona kilichotokea? Tanzania mstari wa kwanza iko na Kenya, mstari wa pili imehamia kwa Uingereza. Afrika Kusini ina cheo cha rais lakini kazi anaipata kama waziri mkuu. Visanduku vinavyohama upande hivi vizungushie duara. Hoja ya insha iko hapo, kwa sababu mtu aliyekariri fasili mbili za kitabuni hawezi kuviona.

Mstari wa kuondolewa ndio wenye utamu. Rais wa Tanzania anahitaji theluthi mbili ya wabunge wote ili aondoke, tena baada ya uchunguzi wa kamati. Waziri Mkuu anaondoka kwa wingi wa kura ya kutokuwa na imani. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Baraza la Mawaziri likavunjika, Rais akabaki pale pale. Mfano huo mmoja unaonyesha mfumo mchanganyiko kuliko ukurasa mzima wa nadharia. Uingereza mwaka 1979 serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310, na nchi ikaenda kwenye uchaguzi.

Jedwali likishakamilika, lifiche, chora jingine tupu na ulijaze kwa kichwa. Kisha tafuta maswali ya miaka iliyopita. Mtihani wetu ulikuwa wa saa 3 kwa maswali 4, yaani dakika 45 kila moja. Gawa hivi: 5 za kupanga, 35 za kuandika, 5 za kusoma ulichoandika. Andika kwa kalamu, na kwa Kiingereza kama mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Mimi jedwali nililichora kwa Kiswahili, nikaelewa vizuri, halafu nikakwama kutafuta maneno saa inakimbia.

Aya moja iwe mstari mmoja wa jedwali, nchi zote zikiwa ndani yake. Na kila unapoanza aya, andika saa pembeni. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliona: 2:00 utangulizi, 2:14 aya ya kwanza. Dakika 14 nilikuwa nafasili "mfumo wa urais ni mfumo ambao". Nikaushusha utangulizi hadi sentensi tatu, ya kwanza ikijibu swali moja kwa moja: Tanzania ina rais anayechaguliwa kama wa mfumo wa urais, lakini serikali yake inakaa bungeni kama ya kibunge.

Ukimaliza, soma insha ukiwa na jedwali mkononi. Mimi insha ya tatu ilinionyesha kwamba kisanduku cha Kenya cha kuondolewa nilikiandika "theluthi mbili ya Bunge" tu. Seneti nayo inahitaji theluthi mbili yake. Nikarekebisha kisanduku, nikarudia aya ile moja kwa dakika 8, insha nzima nikaiacha.